Mama mkwe anasema paka mweusi "anamnyonya pumzi" mwanangu wa wiki sita, na jana alfajiri nimeona kwa macho yangu

MamaMchanga_Tabata (mwanzisha uzi)

Habarini wanajamvi. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunicheka, kwa sababu nyumba imewaka moto.

Nina mtoto wa kwanza, wa kiume, wiki sita. Arobaini imepita juzi tu. Mama mkwe yuko nasi tangu nijifungue, na kusema ukweli amenilea vizuri mno, supu, maji ya moto, kila kitu. Tatizo ni paka wetu, jike, mweusi tii, tunamwita Kaniki. Tuko naye mwaka wa tatu. Mama tangu siku ya kwanza alisema paka na mtoto mchanga hawakai chumba kimoja, paka humvizia mtoto amelala akamnyonya pumzi hadi roho ikatoka. Nikawa naitikia tu "ndiyo mama".

Jana saa kumi na moja alfajiri nimeamka, nikamulika kwa simu. Kaniki yuko ndani ya kitanda cha mtoto, kajikunja begani kwake, pua yake iko karibu kabisa na mdomo wa mtoto. Nikatazama kifua cha mtoto, hakipandi. Nilipiga ukelele, paka akaruka, mtoto akashtuka na kulia. Mama mkwe akaingia, akaona paka anatoka mbio, na tangu hapo hakuna mazungumzo: paka aende leo, na ikiwezekana avushwe maji, apelekwe Kigamboni ili asirudi.

Mume wangu kajifanya ana dharura kazini. Mimi sijui niamini nini. Nimeona kifua kimetulia, hilo sikusimuliwa.

Kijana_wa_Gerezani

Avushwe kwa pantoni? Ukimpitisha pale Feri sokoni atashuka mwenyewe, hutamwona tena, kapata peponi 😂

Ila pole dada. Mimi ninachojua, paka anafuata utamu wa maziwa. Maziwa ya mama yana sukari, mtoto akicheua mdomo wote unanukia sukari, paka anakuja kulamba. Si uchawi.

Bi_Mkubwa_Magomeni

Msiwafanye wazee wajinga. Mtaani kwetu miaka hiyo mtoto alikutwa kafa na paka kalala kifuani. Hiyo sukari mbona haikuua mtu?

Nesi_Zamu_ya_Usiku

MamaMchanga, mimi ni nesi, wodi ya watoto wachanga ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kabla ya paka, naomba unijibu mambo manne, tena vizuri:

Kifua kilitulia kwa muda gani, kwa kukadiria? Midomo na ulimi vilikuwa rangi gani ulipommulika? Umewahi kuiona hali hiyo wakati paka hayupo? Na mtoto ulimlaza vipi, na ndani ya kitanda mlikuwa na nini kingine?

MamaMchanga_Tabata

Asante dada nesi. Muda sijui, kwangu ilikuwa kama mwaka, lakini huenda ni kuhesabu moja mpaka saba nane. Midomo sikuona kitu cha ajabu, ilikuwa ya kawaida. Paka akiwa hayupo sijawahi kutazama, huwa namtazama mtoto akilia tu. Nilimlaza ubavu, mama ndivyo anavyotaka ili akicheua asipaliwe, na nyuma yake tumeweka mto wa kumzuia asigeuke. Juu ana kanga mbili na blanketi dogo. Chandarua ni kile cha mwavuli kinachofunguka na kufungwa.

Mpenda_Nyau

Na mimi nichomekee hapo hapo, nesi. Paka wangu akilala anahema haraka haraka sana, tumbo linacheza. Nimehesabu 28 kwa dakika. Nimpe nini?

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Mpenda Nyau, sisi tunaongelea pumzi za mtoto, siyo za paka 😅 Yuko daktari wa mifugo humu, atakusikia.

MamaMchanga, fanya hivi usiku wa leo. Mtoto akiwa amelala fofofo, ameshiba, paka akiwa nje na mlango umefungwa, fungua kifua chake, weka saa ya simu, uhesabu kila kifua kinapopanda kwa dakika nzima. Usihesabu robo dakika ukazidisha kwa nne. Sababu nitakwambia ukileta hesabu. Kikitulia, hesabu sekunde za ule utulivu peke yake, na mulika midomo.

Lakini usisubiri usiku kama utaona lolote kati ya haya: utulivu unafika sekunde 20, midomo au ulimi unakuwa wa bluu au wa kijivu, ngozi ya chini ya mbavu inabonyea ndani kila akivuta, anaguna kila anapotoa pumzi, au anakataa kunyonya. Hapo ni hospitali moja kwa moja, usirudi humu kuuliza.

Daktari_wa_Mifugo_Mstaafu

Nimeitwa, nimekuja.

Mpenda Nyau: 28 kwa paka aliyelala ni sawa, kawaida ni kati ya 15 na 30. Akipita 40 akiwa amelala, au ukimwona anahema mdomo wazi kama mbwa, mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo.

Kijana wa Gerezani, umekaribia lakini umekosea kidogo. Paka hajui utamu. Kipokezi cha utamu kwenye ulimi wake kimeharibika tangu kwa mababu wa ukoo mzima, simba na chui nao ni hivyo hivyo. Ukimwona paka anakula keki, anafuata siagi. Kwa hiyo mdomo wa mtoto unamvutia kwa harufu ya mafuta na protini ya maziwa, siyo sukari. Atanusa, pengine atalamba mara moja, basi.

Kikubwa zaidi ni joto.

Bodaboda_Mbagala

Daktari, joto gani tena? Dar hii hii? Mimi mwezi wa pili nalala sakafuni nimejimwagia maji, paka atafute joto?

Daktari_wa_Mifugo_Mstaafu

Swali zuri, na watu wengi wanalirukia. Wewe ukifika nyuzi 32 unatafuta feni. Paka hapo ndipo anaanza kujisikia nyumbani. Mwili wake mwenyewe una nyuzi 38 hadi 39, na kiwango cha joto ambacho hatumii nguvu yoyote kujipasha wala kujipoza ni kati ya nyuzi 30 na 38 hivi. Asili yake ni paka wa nyikani wa pande za jangwa. Kwa hiyo usiku wa Dar wa nyuzi 25, ambao wewe unalalamika, kwake kuna kaubaridi. Ndiyo maana utamkuta juu ya friji kwa nyuma, kwenye boneti ya gari lililozimwa sasa hivi, juu ya televisheni za zamani zile za mgongo. Mtoto mchanga aliyefunikwa kanga mbili na blanketi ni boneti ya gari inayonukia maziwa.

Na kwa nini begani, karibu na uso? Kwa sababu uso ndio sehemu pekee iliyobaki wazi. Joto linatokea hapo.

Bi_Mkubwa_Magomeni

Maelezo matamu. Lakini hujajibu: anaweza kuivuta pumzi au hawezi?

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Hawezi, mama. Pumzi haikai mapafuni kama soda kwenye chupa, kwamba mwenye mrija ataimaliza. Msuli ulio chini ya mapafu ya mtoto ndio unaovuta hewa iingie, na hewa ikitoka haitoki yote, daima nyingine hubaki ndani. Mtoto wa kilo nne huvuta hewa kidogo sana kila mara, kama mililita 25, hata vijiko viwili vya chakula havijai. Paka akikaa karibu anavuta hewa ya chumba, kama mimi na wewe tukilala naye kitanda kimoja. Ili amnyonye pumzi ingebidi azibe pua na mdomo wa mtoto kwa pamoja, kama muhuri, na midomo ya paka haina umbo hilo.

Lakini sitakudanganya kwamba paka kitandani kwa mchanga hana neno. Analo, ila ni jingine. Paka mkubwa ana kilo tatu hadi tano, yaani uzito wa mtoto mwenyewe. Mtoto wa wiki sita shingo haijakaza, hawezi kusukuma kitu wala kugeuza uso vizuri, na watoto wa umri huo wanategemea pua zaidi kuliko mdomo. Paka akilala usoni, kweli anaweza kumzibia. Hutokea kwa nadra mno, lakini haishindikani. Mto mlioweka nyuma yake unaweza kufanya vivyo hivyo kwa urahisi zaidi, na mto haukimbii mtu akiingia.

Msomaji_wa_Kale

Niongeze kidogo. Imani hii si ya uswahilini peke yake. Mwaka 1791 kule Uingereza ilichapishwa habari ya mtoto wa miezi 18 aliyekutwa amekufa karibu na mji wa Plymouth, na baraza la uchunguzi wa kifo, watu wazima na akili zao, wakaamua kuwa amekufa kwa sababu paka amemnyonya pumzi. Na hapo hapo Uingereza watu wanaamini paka mweusi akikukatisha njia ni heri! Waje wamwone Kaniki.

Bodaboda_Mbagala

Heri wapi. Mimi mwaka jana usiku, barabara ya Mandela, paka mweusi kakatisha, sekunde hiyo hiyo niko chini na abiria wangu. Goti hili hapa mpaka leo linasema mvua inakuja. Tangu hapo nikimwona mweusi nasimama, natema mate, nageuza.

Mlinzi_Mikocheni

Bodaboda, uliona macho yake?

Bodaboda_Mbagala

Sikuona kitu mpaka yuko mbele ya tairi.

Mlinzi_Mikocheni

Basi jibu umelitoa wewe. Usiku macho ya paka yeyote yanawaka ukiyamulika, lakini kama anatazama pembeni huoni macho, unabaki na mwili. Mwenye madoa meupe utamwona kwa mita kadhaa. Mweusi kwenye lami nyeusi utamwona akiwa mguuni. Umeanguka kwa sababu ya rangi kweli, ila si kwa nuksi.

Mimi nalinda geti moja mwaka wa sita. Kuna paka mweusi ananikatisha kila siku jioni saa kumi na mbili, kwa sababu mpishi wa nyumba ya pili anamwaga vichwa vya samaki muda huo. Kama kila siku ni nuksi, mshahara wangu ungeshakatwa wote. Ingawa kwa kweli unachelewa, sasa sijui 😂

Ustadhi_wa_Temeke

Ndugu zangu, nimeona wengine huko faragha wananiuliza kama paka mweusi ni shetani. Wanachanganya. Iliyopo kwenye Hadithi ni kuhusu mbwa mweusi, si paka. Paka amepewa daraja nyingine kabisa, na kisa chenyewe kinamhusu MamaMchanga. Abu Qatada aliletewa maji ya kutawadha na mke wa mwanawe. Akaja paka, Abu Qatada akamuinamishia chombo mpaka akanywa. Yule mkwe akawa anamtazama kwa mshangao. Akamwambia, unastaajabu, binti wa ndugu yangu? Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema huyo si najisi, ni katika wanaowazungukia majumbani mwenu. Tazama, mkwe na mkwewe walikuwa na mazungumzo haya haya, ila kwenu pande zimegeuka.

MamaMchanga_Tabata

Nimerudi. Kwanza hesabu. Saa nane usiku, paka jikoni, mlango umefungwa. Dakika nzima: 44. Katikati alitulia mara mbili, mara ya kwanza sekunde 6, ya pili 8. Dada nesi, moyo wangu ulikuwa unaruka sekunde ile ya nane! Kisha akaanza haraka haraka kama anayekimbizwa, kisha taratibu. Midomo haikubadilika. Kumbe anafanya hata paka akiwa hayupo.

Sasa mama mkwe kanipa jingine. Anasema huyu si paka wa kawaida, kwa sababu alipokuja mwaka jana alimkuta mweusi kama mkaa, na sasa mgongo na mkia vinageuka vya kahawia. Na juani amemwona ana mistari. "Paka gani anabadilika rangi?" Na ni kweli, nimemtoa uani saa sita, nimeona mistari! Mama yake alikuwa wa kijivu mistari, aliyezaa wanne na mweusi ni huyu tu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

44 ni nzuri. Kwa aliye chini ya miezi miwili tunaanza kuwa na wasiwasi akifika 60 na ukirudia kuhesabu bado ni 60. Na huo utulivu ndio niliokuwa nausubiri. Wachanga hupumua kwa mafungu: anahema haraka, anatulia sekunde tano hadi kumi, anaanza tena. Sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi bado inajifunza kazi. Inapungua yenyewe kadiri anavyokua, na akifika miezi sita wengi wameshaacha. Ndiyo maana nilikukataza robo dakika: ukianza kuhesabu wakati wa haraka utapata 70 na kukimbilia hospitali, ukianza kwenye utulivu utapata 20 na kuzimia.

Sasa fikiria bibi zetu. Taa ya kibatari, mtoto katulia sekunde nane, paka kalala begani. Unashtuka, paka anaruka, mtoto naye kwa kelele zako anavuta pumzi kwa nguvu. Mtu yeyote mwenye akili atasema paka alikuwa ameishika ile pumzi, na alipoondoka akaiachia. Hata mimi ningesema.

Daktari_wa_Mifugo_Mstaafu

Hilo la rangi lina raha yake, acha nilieleze.

Mpe mama mkwe pole, macho yake ni mazuri. Karibu kila paka ana mchoro wa mistari ndani yake. Mweusi ni yule aliyerithi kutoka kwa baba na kwa mama maelekezo ya kujaza rangi nyeusi kwenye unywele mzima, kwa hiyo mistari inafunikwa, haifutiki. Ukimweka kwenye jua kali la saa sita inaonekana kama maandishi kwenye karatasi ya nyuma. Na mama mwenye mistari anaweza kuzaa mweusi kama amebeba maelekezo hayo upande mmoja na dume naye ameyabeba. Hapo kila kitoto kina nafasi moja kati ya nne. Wanne, mweusi mmoja. Hesabu imekaa vizuri, ingawa angeweza pia kupata wawili au asipate hata mmoja.

Kahawia ni jua. Rangi nyeusi ya manyoya inapauka kama kanga iliyoanikwa mwezi mzima. Kaniki analala wapi mchana?

MamaMchanga_Tabata

Juu ya bati la banda la kuku la jirani 😳

Daktari_wa_Mifugo_Mstaafu

Umeona. Na anakula nini?

MamaMchanga_Tabata

Ugali na mchuzi wa dagaa. Dagaa zenyewe siku hizi kidogo, tangu mtoto azaliwe bajeti imebana.

Daktari_wa_Mifugo_Mstaafu

Basi inaweza kuwa jua, inaweza kuwa chakula, au vyote viwili. Rangi nyeusi inatengenezwa kutokana na kitu kilichomo ndani ya protini, na paka mweusi anayekula wanga mwingi na nyama kidogo anageuka wekundu wekundu. Mwongeze dagaa au utumbo wa samaki uliochemshwa, halafu tazama manyoya mapya yanayoota. Yakiota meusi karibu na ngozi huku ncha zikiwa za kahawia, lilikuwa jua kwa sehemu kubwa. Yakiota ya kahawia tangu shinani, ni sahani yake.

Kijana_wa_Gerezani

Kwa hiyo jini lenu lina njaa tu. Dah.

Bi_Mkubwa_Magomeni

Nyinyi mnacheka. Nesi, mimi nakuuliza tena yule mtoto wa mtaani kwetu. Alikuwa mzima jioni, kanyonya, kalala. Alfajiri amekufa na paka yuko kifuani. Miezi mitatu. Hakuwa na homa, hakuwa na chochote. Nani alimuua?

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Mama, sijui, na anayekwambia anajua kwa kisa cha miaka hiyo bila daktari kumfungua anakudanganya. Nitakwambia ninachokijua tu.

Kuna vifo vya ghafla vya watoto wachanga wakiwa usingizini ambavyo hata wakifanyiwa uchunguzi haionekani sababu. Vinatokea zaidi mtoto akiwa na miezi miwili hadi minne, na vingi kabla ya miezi sita. Huyo wako alikuwa na mitatu. Kinachoongeza hatari tunakijua kiasi: kulala kifudifudi, godoro laini linalobonyea, mito na mablanketi karibu na uso, joto la kufunikwa kupita kiasi, moshi wa sigara, na kulala kitanda kimoja na mtu aliyechoka mno au aliyelewa. Kwetu ongezea jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa mvua, ile hewa yake haina harufu na inaua hata watu wazima.

Sasa sikiliza hili, kwa sababu kwangu ndilo linalomaliza kesi ya paka. Uingereza kuanzia mwaka 1991, na Marekani kuanzia 1994, waliwaambia wazazi jambo moja kubwa: mlazeni mtoto chali. Vifo hivyo vikashuka kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Paka hawakuhamishwa majumbani. Walibaki pale pale. Kilichogeuzwa ni mtoto.

Na yule paka wa mtaani kwenu, mama, kama mtoto alikuwa ameshafariki saa tisa, paka alimkuta bado ana joto, chini ya nguo. Alilala. Huenda ni hivyo. Siapi.

MamaMchanga_Tabata

Nesi, lakini chali si atapaliwa? Huyu anacheua kila akishiba. Mama ndiyo hoja yake hasa.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Kila bibi anauliza hivyo, na mimi mwenyewe mama yangu aliniuliza. Mtoto akilala chali, njia ya hewa iko juu na njia ya chakula iko chini yake. Maziwa yakipanda yanateremka tena njia ya chakula, kwa sababu ili yaingie kwenye hewa ingebidi yapande mlima. Akilala kifudifudi ndiyo inageuka, njia ya hewa inakuwa chini na maziwa yanaielekea. Ubavu nao hautulii: mtoto anabingirika kidogo tu, uso unaishia godoroni.

Kwa hiyo: chali, usiku na mchana. Mto wa nyuma utoke. Blanketi litoke, kanga moja nyepesi ifike kwapani na ichomekwe chini ya godoro, Dar haina baridi hiyo. Mcheulishe, mkae naye wima kama dakika ishirini kabla ya kumlaza.

Chandarua cha mwavuli kina tatizo ambalo watu hawalioni. Paka akipanda juu yake kinabonyea na kumwangukia mtoto usoni, na kucha zinaacha matundu. Matundu yanaingiza mbu, na mbu wa Dar ndiye ambaye nesi anamwogopa zaidi ya paka wa rangi zote. Funga chandarua kikubwa cha kuning'inia, ukichomeke chini ya godoro pande zote. Kikikazwa vizuri, paka hapiti. Na mlango wa chumba ufungwe usiku mpaka mtoto aweze kujigeuza na kusukuma kitu mwenyewe.

Bodaboda_Mbagala

Kwa hiyo paka anabaki?

Mama_wa_Watatu_Kigogo

Abaki! Mimi nilimfukuza wa kwangu kwa maneno hayo hayo mtoto wa pili alipozaliwa. Haikupita miezi miwili panya wamejaa, na mmoja akamng'ata mtoto kidole cha mguu usiku. Mtoto hata hakulia, asubuhi nimekuta damu kwenye shuka. Chagueni wenyewe mnyama wa kumwogopa.

Daktari_wa_Mifugo_Mstaafu

Abaki, ila mpe dawa ya minyoo na umwondoe viroboto, na choo chake asafishe mtu mwingine, siyo wewe mwenye kunyonyesha na usingizi wa mang'amung'amu. Kisafishwe kila siku.

Bi_Mkubwa_Magomeni

Mimi kwangu haingii. Lakini hilo la kulala chali nimelisikia.

MamaMchanga_Tabata

Wanajamvi, ni siku ya tano. Nimeona niwaletee mrejesho.

Nilimsomea mama mkwe uzi wote, pamoja na vicheko vyenu, samahanini. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniambia kitu ambacho hata mume wangu hakuwa anakijua. Kabla ya mume wangu alizaa binti, akamlaza kifudifudi kwa sababu alikuwa na tumbo la kusokota, usiku wa masika, na jiko lilikuwa ndani. Miezi mitatu. Paka alitoka mlangoni yeye akiingia. Alichoniuliza ni kimoja tu: "Kwa hiyo huyo dada anasema ni jiko?" Nikamwambia anasema hajui. Akasema, "Bora angejua."

Sijampinga tena kuhusu paka. Chandarua kikubwa tumefunga, mto umetoka, mtoto analala chali na amecheua mara mbili bila kupaliwa, mara zote mbili mama akiwa amesimama pale pale. Kaniki analala jikoni juu ya mfuniko wa pipa la maji. Dagaa zimeongezwa, na aliyeziongeza si mimi.

Jana saa tisa usiku nimesikia sauti chumbani kwa mtoto. Nimechungulia. Mama kaketi kwenye stuli, simu yangu mkononi, saa inahesabu. "Arobaini na moja," ameninong'oneza. "Katulia mara moja. Sita. Hebu njoo na wewe uhesabu, huenda nimekosea."